Boksi Jeupe kwa Bango Jekundu

Mwaka jana, Jumamosi moja asubuhi nikiwa bado kitandani hapa Kitengela, simu ililia. Ilikuwa picha kutoka kwa mama mmoja anayeuza shanga Kajiado mjini. Alikuwa ametoka kutundika bango lake jipya mbele ya kibanda. Bango lilikuwa jekundu, ule wekundu wa shuka, na katikati kulikuwa na ngao niliyomchorea. Shida ni kwamba ngao ilikuwa imekaa ndani ya boksi jeupe, kama stempu kwa bahasha.

Chini ya picha alikuwa ameandika swali moja tu: "Mtoto wangu, hii karatasi nyeupe ni ya nini?"

Maze, nilisoma hilo swali mara tatu. Hakuwa anaringa wala kunitukana. Alidhani kweli msee wa mabango alibandika karatasi na akasahau kuitoa. Halafu nikazuum ile picha nikaona kitu kibaya zaidi: kingo za ngao zilikuwa ngazi ngazi, unaweza kuhesabu vidoti. Bango lilimgharimu shilingi 1,800, na mimi nilikuwa nidai 3,500 zangu jioni hiyo. Hizo 3,500 zilikuwa tayari zimeahidiwa mwenye nyumba.

Mnaonifuata hapa mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Mnajua pia matanga yaliyofanywa nyumbani kwa sababu ya hiyo maneno. Kila kazi ninayoipata, kuna sauti kichwani inauliza, "Kwani ulifikiri unajua?" Siku hiyo sauti ilikuwa na ushahidi, tena wa mita mbili kwa moja, umetundikwa barabarani.

Kwa hivyo leo sitawapa hadithi ya kujipa moyo. Nataka kuwaonyesha hasa nilikosea wapi, kwa sababu naona nyinyi wengi mnachora vizuri kuniliko na mnakosea palepale. Kosa halikuwa kwa mchoro. Lilikuwa kwa hatua ya mwisho, ile inayoonekana ni ya dakika moja: kuitoa ikoni kutoka SVG kuwa PNG.

Tuanze na tofauti ya hizi faili mbili, kwa sababu mimi mwenyewe niliishi na zote miaka miwili bila kuielewa. SVG si picha, ni maelezo ya picha. Ukiifungua kwa edita ya maandishi, ile ya kawaida ya kuandikia noti, utasoma maneno: chora duara hapa, vuta mstari kutoka hapa hadi pale, paka rangi hii. Ndio maana unaweza kuikuza hadi ifunike ukuta na bado iwe kali. PNG nayo ni shamba la vidoti vilivyohesabiwa. Ikiwa ni ya upana wa pikseli 192, ina safu 192 na basi. Ukiikuza, hakuna maelezo mapya yanayoingia, vidoti vinanenepa tu.

Sasa fanya hesabu ya bango langu. Ngao ilichapishwa kwa upana wa sentimita 40. Faili niliyotuma ilikuwa ya pikseli 192, ile niliyokuwa nimetengenezea simu. Gawanya 40 kwa 192 upate kama mili mbili kwa kila kidoti. Mili mbili ni unene wa waya, na mtu aliyesimama kwa duka anaiona vizuri. Hakuna mashine ya kuchapisha ilikosea pale. Nilimpa fundi vidoti 192, akachapisha vidoti 192.

Hiyo ya ukubwa ni rahisi kuelewa. Boksi jeupe ndilo lilinichukua wikendi nzima.

Kwenye skrini yangu ngao ilionekana imekaa kwa hewa safi. Kumbe ilikuwa imekaa juu ya nyeupe, na ukurasa wa programu yangu pia ni mweupe, kwa hivyo nyeupe juu ya nyeupe haionekani. Nilikuwa nimeweka mstatili mweupe nyuma siku ya kwanza nilipoanza kuchora, ili nione vizuri, halafu nikausahau. Ulikuwa pale chini ya kila kitu, umetulia. Nilipofungua SVG kwa edita ya maandishi niliupata karibu na mwanzo wa faili:

```
<rect width="300" height="480" fill="#ffffff"/>
```

Huo mstari mmoja ndio karatasi ya yule mama. Unaufuta, unahifadhi, boksi limeisha. Kama hujazoea kusoma kodi, ndani ya Inkscape bonyeza mahali penye nyeupe, nje ya mchoro wako. Kama kitu kimeshikwa na mishale ikatokea pembeni, hiyo nyeupe ni kitu, si hewa. Kifute.

Kuna mahali pa pili nyeupe hujificha, na hapo hata ukibonyeza hushiki kitu. Inkscape ina rangi ya ukurasa wenyewe, iko ndani ya `File`, halafu `Document Properties`. Kwa kawaida ukurasa huonekana mweupe lakini uwazi wake ni kamili, yaani ukitoa PNG, nyeupe hiyo haifuati. Lakini mtu akicheza na hiyo rangi akaifanya nzito, inafuata hadi kwa faili. Ukiwasha `Checkerboard` papo hapo, ukurasa unakuwa na vile viraba vya kijivu, na unaona mahali kuna hewa na mahali kuna rangi. Siku hizi siwezi kuanza kazi kabla sijaiwasha.

Sasa wacha niwaambie kitu cha kijinga nilichofanya kabla ya kugundua hayo. Badala ya kurudi kwa SVG, nilichukua ile PNG yenye boksi nikaipitisha kwa apu ya kufuta bakgraundi. Nilijua nimemaliza. Ikafuta nyeupe ya nje, na ikafuta pia mstari mweupe wa katikati ya ngao, kwa sababu yenyewe haijui ngao ni nini, inajua tu nyeupe. Nikaurudisha mstari kwa mkono, nikaiweka juu ya nyekundu, na bado ilikuwa mbaya. Pembeni mwa ngao kulikuwa na utepe mwembamba wa kijivu, kama imezungushiwa vumbi.

Hilo vumbi lina sababu, na ukiielewa hutawahi kutumia hiyo njia ya mkato tena. Pikseli ni mraba, lakini ngao ina mkunjo. Pale ukingoni kuna pikseli ambazo nusu yake iko ndani ya ngao na nusu iko nje. Kompyuta ikichora ngao nyeusi juu ya nyeupe, zile pikseli inazipaka kijivu, katikati ya nyeusi na nyeupe. Kwa macho inapendeza, mkunjo unaonekana laini. Baadaye apu inakuja kufuta nyeupe. Kijivu si nyeupe, kwa hivyo kinabaki. Ukikiweka juu ya nyekundu, ndio hiyo duara la vumbi.

PNG iliyotoka vizuri kutoka SVG haifanyi hivyo. Ile pikseli ya ukingoni inabaki nyeusi kamili, ila inaandikiwa namba ya uwazi: nusu ionekane, nusu ipite. Ukiiweka juu ya nyekundu inachanganyika na nyekundu, ukiiweka juu ya kijani inachanganyika na kijani. PNG ya kawaida ina viwango 256 vya uwazi kwa kila pikseli, kutoka hewa kabisa hadi rangi kabisa. GIF ilikuwa na viwili tu, iko au haiko, na ndio maana GIF za zamani zilikuwa na kingo zilizokatwa kama na makasi butu. PNG ilikamilika mwaka 1996, na hiyo uwazi wa hatua kwa hatua ni moja ya sababu bado tunaitumia. JPEG yenyewe haina uwazi hata kidogo. Ukihifadhi ikoni yako kama JPEG, hewa yote inajazwa rangi, mara nyingi nyeupe au nyeusi.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunipinga kwa komenti: PNG haitengenezwi. SVG ndiyo inatengenezwa, PNG inatolewa. Ikiwa PNG ina kasoro, usiitibu. Rudi kwa mama yake, rekebisha, toa nyingine.

Jumapili nikakaa chini nikaanza upya. Laptopu yangu ni kuukuu na inatumia Ubuntu, lakini Inkscape ni ya bure na iko hata kwa Windows. Tatizo la kwanza lilikuwa umbo. Ngao yangu ni ndefu: upana 300, urefu 480. Ikoni nyingi zinatakiwa mraba. Mara ya kwanza nililazimisha, nikaambia kompyuta itoe 192 kwa 192, ikanyoosha ngao pembeni hadi ikafanana na malenge. Haikukosea, ilifanya nilichosema.

Dawa ni kuipa ngao ukurasa wa mraba wenye nafasi pembeni, bila kuigusa ngao yenyewe. Ndani ya SVG kuna kitu kinaitwa `viewBox`. Ichukulie kama dirisha. Namba mbili za kwanza zinasema dirisha linaanzia wapi, mbili za mwisho zinasema dirisha ni kubwa kiasi gani. Nilitaka dirisha la 512 kwa 512. Upana uliobaki ni 512 toa 300, yaani 212, nusu yake ni 106 kila upande. Urefu uliobaki ni 512 toa 480, yaani 32, nusu yake ni 16 juu na 16 chini. Ngao inaanzia sufuri, kwa hivyo dirisha lazima lianze nyuma ya sufuri:

```
<svg xmlns="http://www.w3.org/2000/svg"
  width="512" height="512" viewBox="-106 -16 512 512">
```

Ngao ikakaa katikati kama imepimwa na fundi, na haikunyooshwa hata kidogo. Kama hesabu hazikufurahishi, ndani ya Inkscape unaweza kuandika ukubwa wa ukurasa 512 kwa 512 halafu uilete ngao katikati ya ukurasa. Ni kitu kilekile.

Baada ya hapo ndio nikatoa faili. Kwa mauzi ni hivi: bonyeza `Shift+Ctrl+E`, chagua `Page` ili itoe ukurasa mzima pamoja na ile hewa ya pembeni, andika upana, chagua PNG, `Export`. Ukichagua kutoa mchoro peke yake badala ya `Page`, inakata hewa yote na mraba wako unapotea, kwa hivyo angalia hapo.

Lakini nilihitaji saizi sita, na kurudia kitu kimoja mara sita ndio njia ya kukosea mara moja. Terminali inafanya yote kwa pumzi moja:

```
for s in 16 32 180 192 512 1600; do
  inkscape ngao.svg -w $s -h $s \
    --export-background-opacity=0 \
    --export-filename=ngao-$s.png
done
```

Soma pole pole, haina uchawi. Mstari wa kwanza unataja saizi. `-w` ni upana, `-h` ni urefu, zote mbili kwa pikseli. Mstari wenye `opacity=0` unasema bakgraundi iwe hewa tupu, hata kama rangi ya ukurasa imechezewa. Kumbuka lakini: huo mstari hauondoi ule mstatili uliosahau ndani ya mchoro. Mstatili ni sehemu ya mchoro, na kompyuta haiwezi kujua hukuutaka. Mstari wa mwisho unaipa kila faili jina lenye saizi yake, ili usije ukatuma ya simu kwa msee wa mabango kama mtu fulani.

Kama laptopu yako inapumua kwa shida, kuna kitu chepesi zaidi kinaitwa `rsvg-convert`. Kwa Ubuntu kinakuja na kifurushi cha `librsvg2-bin`, na bakgraundi yake ni hewa bila hata kuomba:

```
rsvg-convert -w 192 -h 192 ngao.svg -o ngao-192.png
```

Maktaba iliyo nyuma ya hicho kitu, librsvg, ndiyo hutumiwa na Wikipedia kugeuza michoro ya SVG kuwa PNG unazoziona kwa kurasa zake. Ukiona bendera ya Kenya ndogo pembeni mwa makala, hiyo ni SVG moja iliyotolewa kwa saizi ya hapo.

Na kwa sababu nimetaja bendera, wacha nitumie hiyo kueleza jambo ambalo watu wengi hawaamini hadi walione. Ukishatoa saizi zote, ile ndogo kabisa itakuangusha. SVG inakua bila mwisho, lakini haipungui bila mwisho.

Bendera yetu ina mistari mitatu mipana, nyeusi, nyekundu na kijani, na katikati yake kuna mistari miwili myembamba myeupe. Ukiigawa kwa urefu sehemu 20, zile pana ni 6 kila moja, na zile nyeupe ni 1 kila moja. Itoe kwa urefu wa pikseli 20, kila mstari mweupe unapata pikseli moja kamili, unang'aa. Itoe kwa pikseli 40, unapata mbili, safi. Sasa itoe kwa 16. Mstari mweupe unapata pikseli 0.8, na hakuna kitu kama pikseli 0.8. Kompyuta inalazimika kuchanganya nyeupe na jirani yake, kwa hivyo juu unapata kijivu chenye wekundu na chini unapata kitu cha matope. Ile ngao ya Kimaasai ya katikati inabaki doa, na mikuki inapotea. Hakuna aliyekosea. Nafasi imeisha tu.

Ngao ya mama yangu wa Kajiado ilikuwa na shida hiyohiyo. Nilikuwa nimeipamba na mistari ya shanga yenye unene wa 12 kwa dirisha la 512. Kwa saizi ya 192 mstari ni pikseli 4 na nusu, unaonekana vizuri. Kwa 16, zidisha 12 kwa 16 ugawe kwa 512, unapata chini ya pikseli 0.4. Shanga zote zilikuwa ukungu. Ile ikoni ndogo ya juu kabisa ya kivinjari ilifanana na kokwa ya embe iliyonyonywa.

Njia ni kuchora ngao ya pili, fukara. Nilinakili faili nikaiita `ngao-ndogo.svg`, nikatoa shanga zote, nikabakisha umbo jeusi na mstari mweupe wa katikati. Na unene wa huo mstari sikuubahatisha. Dirisha la 512 kwa pikseli 16 maana yake kila pikseli inameza vipimo 32. Ukiweka mstari wa unene wa 64, na kingo zake zikae kwa namba zinazogawanyika kwa 32 ukihesabu kutoka ukingo wa dirisha, unapata pikseli mbili kamili bila ukungu. Wangu ulikuwa katikati ya dirisha, kutoka 224 hadi 288, na zote zinagawanyika. Kwa saizi ya 32 unakuwa pikseli nne. Hiyo faili ndogo natumia kwa 16 na 32, ile ya shanga kwa zote za juu.

Mtu ataniuliza, ile 180 ni ya nini? Hiyo ni ya mtu wa aifoni anayeweka tovuti yako kwa skrini ya mwanzo. Na hapo ndipo hewa inageuka kuwa adui. Aifoni haitaki uwazi kwa hiyo ikoni, sehemu zenye hewa inazijaza nyeusi. Ngao yangu ni nyeusi. Nyeusi juu ya nyeusi, unaona mstari mweupe unaelea peke yake. Kwa hivyo hiyo moja tu unaitoa ikiwa na rangi ya nyuma, kwa makusudi:

```
inkscape ngao.svg -w 180 -h 180 \
  --export-background="#b3121d" \
  --export-background-opacity=1 \
  --export-filename=ngao-180.png
```

192 na 512 ni za tovuti inayowekwa kwa simu ya Androidi kama apu. Na 1600 ilikuwa ya bango: mraba mzima pamoja na hewa yake ulikuwa wa sentimita 40, karibu inchi 16, na nilitaka pikseli kama 100 kwa kila inchi, ambayo kwa bango la kuangaliwa kutoka barabarani inatosha. Lakini ukiongea na fundi wako, muulize kama anaweza kupokea SVG au PDF yenyewe. Wengi wanaweza, na hapo hata haina haja ya kuhesabu.

Nilipomaliza nilikagua. Hili ndilo jambo ambalo sikulifanya mara ya kwanza, na lingeniokoa. Kwa terminali ukiandika `file ngao-192.png` inakujibu hivi:

```
ngao-192.png: PNG image data, 192 x 192, 8-bit/color RGBA, non-interlaced
```

Ile `A` ya mwisho inamaanisha faili ina nafasi ya kuandika uwazi. Lakini usishangilie bado. Ile faili yangu ya aibu pia ilikuwa RGBA. Kuwa na nafasi ya hewa hakumaanishi kuna hewa, kama vile kuwa na mtungi hakumaanishi kuna maji. Kipimo cha kweli ni jicho, juu ya rangi. Andika hii mistari miwili, iite `jaribu.html`, ifungue kwa kivinjari:

```
<body style="background:#b3121d">
<img src="ngao-192.png">
```

Kama kuna boksi, utaliona. Kama kuna vumbi ukingoni, utaliona. Halafu badilisha rangi iwe `#000000`, uangalie tena, kisha `#ffffff`. Rangi tatu, dakika moja. Usiamini programu ya kuangalia picha ya simu yako, kwa sababu nyingine zinaweka hewa juu ya nyeupe na nyingine juu ya nyeusi, na huwezi kujua unaona faili au unaona ukuta wa nyuma. Na usiamini viraba vya kijivu kutoka mtandaoni. Kuna picha watu wanazipakua zikiwa na viraba, wakidhani ni hewa, kumbe viraba vimechorwa ndani. Ukiiweka juu ya nyekundu, viraba vinakuja navyo.

Mtego wa mwisho ni njiani. Ukituma PNG kwa apu ya ujumbe kama picha, mara nyingi inabanwa na kugeuzwa JPEG, na hewa inajazwa kabla haijafika. Wewe umefanya kila kitu sawa, na mteja bado anapata boksi. Itume kama faili, ile sehemu ya kutuma dokumenti, au funga zote kwa zipu moja. Mimi natuma zipu, na ndani naweka SVG ya mama pia. Wenzangu wengine wanaificha SVG ili mteja arudi. Mimi naona huo ni uchoyo. Amelipia mchoro, si vidoti.

Jumatatu nilipanda matatu hadi Kajiado, kupitia Isinya, na faili kwa flashi. Sikumpigia mama simu kwanza kwa sababu niliogopa angesema nisijisumbue. Nilienda kwa fundi wa mabango nikalipa bango jipya kutoka mfukoni mwangu, 1,800. Kwa zile 3,500 nilikuwa nimebaki na 1,700, na mwenye nyumba ilibidi nimuombe wiki moja. Alinipa, na hotuba juu.

Tulilitundika pamoja na mama. Akarudi nyuma hadi upande wa pili wa barabara, akaangalia muda mrefu, mimi nimeshika ngazi moyo unadunda. Akasema, "Sasa ngao imevaa shuka." Halafu akanilipa 3,500 kwa simu, nikamwambia la kwanza lilikuwa kosa langu, si la fundi. Akasema alijua. Akaniuliza kama ile ngao inaweza kuwa stika ndogo ya kubandika kwa mifuko, kama ya ukubwa wa kifuniko cha soda.

Nilimwambia inaweza, ila kwanza nitatoa shanga.

Lile bango la kwanza hakulitupa. Amelifunika juu ya meza usiku mvua isiingie, boksi jeupe likiangalia juu. Kila nikipita Kajiado naliona.

Sasa niambieni: nembo yako ya mwisho, SVG yake iko wapi saa hii? Kama jibu ni "sijui, niko na PNG tu," anza hapo.